Watatu, Hazina Moja: Mwongozo wa Kuiba Kasino ya GTA Online kwa Mpango wa The Big Con

Watu watatu wananiuliza swali moja kwa maneno tofauti: "Tunafika kwenye mlango wa hazina vizuri, halafu kila kitu kinaharibika. Kwa nini?" Nimecheza na mbogi tatu tofauti hapa Nairobi na jibu ni lile lile. Wanajua kupiga risasi, wanajua ramani, ila hawajagawana kazi za mdomo. Wote wanaongea, hakuna anayehesabu.

Mwongozo huu ni wa kazi moja tu: Diamond Casino Heist, mkiwa watatu, kwa mpango wa The Big Con, ule wa kuingia kwa kujifanya watu wengine, na sare za Gruppe Sechs, kampuni ya kusafirisha pesa ndani ya gemu. Nimeuchagua kwa sababu karibu hauna risasi mpaka mwisho, na unawadai mzungumze kuliko mipango mingine miwili. Gemu yenyewe ni ya miaka 18 na kuendelea, kwa hiyo mdogo wako wa fomu tuu abaki kutazama mpira.

## Vitu mnavyohitaji kabla ya kuanza

Gemu ya aina moja. Huyu wa PS4, yule wa kompyuta na yule wa PS5 hawawezi kukutana, kila jukwaa liko peke yake. Hata kwenye kompyuta, Legacy na Enhanced hazichezi pamoja. Ulizaneni hili kwanza. Nimeona watu wakisubiri gemu ishuke usiku kucha, halafu asubuhi wanagundua hawaonani.

Arcade moja, yaani jumba la michezo ndani ya gemu lenye ubao wa kupangia wizi. Mmoja wenu pekee ndiye anayehitaji kumiliki. Ya bei ya chini kabisa ni Pixel Pete's ya Paleto Bay, dola 1,235,000 za gemu. Mwenyewe ndiye kiongozi: analipa 25,000 ya kuanzisha kazi na ndiye anayeamua migao. Wengine wawili wanaingia bure.

Hedifoni yenye mikrofoni, moja kwa kila mtu. Spika za televisheni hazifai hata kidogo. Sauti ya mwenzako inatoka kwenye spika, inaingia tena kwenye mikrofoni yako, na hesabu ya "moja, mbili" inasikika mara mbili.

Bando la sauti. Watu huogopa hili bure. Sauti ya Discord kwa kilobiti 64 kwa sekunde ni kama MB 29 kwa saa kwa kila anayeongea. Mkiwa watatu na wote mnaongea bila kupumua, haizidi MB 90 kwa saa kwako. Gemu inaweza kuwa kwenye vaifai ya nyumba na sauti ikapita kwenye simu. Hilo lina faida yake: vaifai ikizima, angalau sauti yako inabaki kuwaambia wenzako kilichotokea.

Karatasi na kalamu. Msicheke. Mtaona kazi yake kwenye hatua ya sita.

## Hatua ya 1: Wekeni sauti sawa

Kila mtu awashe Push to Talk, yaani mikrofoni inafunguka ukibonyeza tu. Sababu ni Nairobi yenyewe. Mmoja wetu anakaa Umoja karibu na steji, na kila tulipokaribia mlango, makanga alikuwa anatuitia abiria wa tao. Mwingine Rongai ana jirani mwenye jenereta. Kelele ndogo ukiwa unapiga gumzo ni kichekesho. Kwenye hesabu ya kadi, ni raundi imepotea.

Halafu acheni majina ya akaunti. Hakuna anayeweza kutamka jina lenye namba nne na mistari miwili akiwa na haraka. Sisi tunaitana kwa mitaa: Umoja, Rongai, Kasarani. Ni majina ambayo huwezi kuyachanganya hata sauti ikikwaruza. Mwongozo huu utatumia hayo hayo.

*Mtajua mko sawa:* Umoja aseme sentensi ndefu, wenzake wasisikie mwangwi wala mlio wa mtaani.

## Hatua ya 2: Piga picha za Kasino, na usisahau handaki

Kiongozi aingie kwenye Invite Only Session, awaalike wenzake, ajisajili kama VIP au CEO, kisha aanze kazi ya Scope Out kutoka kwenye Arcade. Mtazunguka Kasino mkipiga picha milango kwa simu ya mhusika na kumtumia Lester, mhusika wa gemu anayepanga wizi.

Picha moja ndiyo roho ya mpango huu: Security Tunnel, handaki la magari ya kubebea pesa. Bila picha hiyo, kuingia kwa gari la Gruppe Sechs hakutapatikana, na ubao hautakuambia kwa herufi kubwa kwamba ndilo kosa lako. Piga pia Staff Lobby, kwa kuwa ndiko mtakakotokea.

Gawaneni: Rongai aende handakini, Kasarani azunguke nje, Umoja apige milango ya ndani. Kisha fanyeni kazi ya Vault Contents, ya kuangalia kamera za ndani ili mjue hazina ina nini. Huwa ni pesa taslimu, michoro, au dhahabu, na thamani inapanda kwa mpangilio huo. Almasi ndizo ghali kuliko vyote, ila hutokea kwa msimu.

## Hatua ya 3: Chagua The Big Con na msaidizi wa kompyuta

Hapa ndipo watu wanapoteza pesa kwa kubana pesa.

Mnaajiri watu watatu: wa silaha, wa magari, na wa kompyuta. Wawili wa kwanza chukueni wa bei rahisi, Karl Abolaji kwa asilimia 5 na Karim Denz kwa asilimia 5. Mpango wetu hautegemei bunduki wala mbio za magari. Lester naye huchukua asilimia 5 yake mpende msipende.

Wa kompyuta ndiye anayeamua mtakaa dakika ngapi ndani ya hazina kabla hewa ya sumu haijafunguliwa. Avi Schwartzman anachukua asilimia 10 na anawapa dakika 3 na sekunde 30 kama hamjagunduliwa. Rickie Lukens anachukua asilimia 3 na anawapa dakika 2 na sekunde 26. Mkigunduliwa kabla ya kufika, muda wa Avi nao unashuka hadi dakika 2 na sekunde 26. Kwa maneno mengine, mlinzi mmoja akiwaona, mmemlipa Avi mkapata Rickie.

Tufanye hesabu ya hazina ya pesa taslimu kwenye kiwango cha kawaida, ambayo jumla yake ni 2,115,000. Mkiwa na Avi na mkafagia zote, asilimia 25 inaenda kwa waajiriwa na Lester, zinabaki 1,586,250. Kiongozi akichukua asilimia 40 na wenzake 30 kila mmoja, yeye anapata 634,500 na wao 475,875 kila mmoja.

Sasa mchukueni Rickie, na tuseme muda unawaishia mkiwa na 1,650,000. Makato ni asilimia 18, zinabaki 1,353,000. "Mmeokoa" asilimia 7 na kupoteza 233,250. Hiyo ndiyo sababu sibishani na mtu kuhusu Avi.

Avi hapatikani bure, lakini. Kiongozi anatakiwa awe ameharibu vifaa 50 vya kuzuia mawimbi, Signal Jammers, vilivyotawanyika mjini. Ni kazi ya jioni moja au mbili kwa anayejua kurusha helikopta. Kama bado, Paige Harris kwa asilimia 9 anawapa dakika 3 na sekunde 25, ila naye anataka uwe na gari la Terrorbyte.

## Hatua ya 4: Matayarisho

Hii nitaipita haraka kwa sababu ubao unakuongoza wenyewe. Fanyeni zote za lazima. Kwenye sare za kuingilia chagueni Gruppe Sechs. Ina sehemu mbili, gari na mavazi. Za hiari chukueni mbili tu: Patrol Routes, inayowaonyesha walinzi kwenye ramani ndogo, na Exit Disguise, sare za kutokea. Kwa sare za kutokea sisi tunapenda NOOSE, kikosi maalum cha polisi wa gemu. Mashine za kutoboa masanduku ya ndani achaneni nazo, zinakula muda kuliko zinavyolipa.

Onyo moja: msimalize matayarisho usiku wa manane mkaenda fainali mkisinzia. Ubao unahifadhi kila kitu. Sisi tunafanya matayarisho katikati ya wiki na fainali Jumamosi, wakati stima haina mazoea ya kupotea kwetu.

## Hatua ya 5: Hesabu ya kadi

Sasa tumefika panapowashinda wengi. Kuna kadi mbili zinazotakiwa kupitishwa na watu wawili kwa wakati mmoja, mmoja kila upande wa mlango. Kwenye karatasi ni rahisi. Kwenye intaneti, sauti inachelewa.

Fikiria Umoja ana kadi ya kushoto, na ndiye pia anayehesabu. Anaposema "tatu", anabonyeza papo hapo. Rongai mwenye kadi ya kulia anaisikia "tatu" ile ikiwa imechelewa kidogo, na ndipo anabonyeza. Kila mmoja anaapa alibonyeza kwa tatu, na wote wanasema kweli. Kisha wanaanza kulaumiana, na nimeona urafiki wa tangu darasa la nne ukiyumba pale.

Nyinyi mko watatu, na hapo ndipo mnapowashinda wanaocheza wawili. Asiye na kadi ndiye ahesabu. Kasarani akihesabu, sauti yake inachelewa kwa Umoja na inachelewa kwa Rongai karibu sawa, kwa hiyo wote wawili wanabonyeza pamoja.

Kosa la pili ni neno lenyewe. "Moja, mbili, tatu": tunabonyeza *kwenye* tatu au *baada* ya tatu? Msiache swali hilo. Tumieni neno ambalo si namba:

*Kasarani: Umoja?*
*Umoja: Tayari kushoto.*
*Kasarani: Rongai?*
*Rongai: Tayari kulia.*
*Kasarani: Moja. Mbili. Sasa.*

Nafasi kati ya maneno iwe sawa, kama mtu anayepiga makofi. Watu wana tabia ya kuvuta pumzi kabla ya "sasa", na hapo ndipo mwenye haraka anabonyeza hewani. Na kutoka jina la kwanza kutajwa mpaka mlango ufunguke, hakuna mtu mwingine anayefungua mikrofoni. Hata kama umeona kitu. Hata kama ni mama anakuita chakula.

Mkikosea, msiongee. Kasarani aanze tena na majina. Kukosea mara moja si msiba, kinachoua ni dakika ya kuelezana nani alichelewa.

Fanyeni mazoezi nje ya gemu: Kasarani ahesabu, wawili wapige makofi kwenye mikrofoni. Mkisikia kofi moja mara kumi mfululizo, mko tayari. Mkisikia makofi mawili, mmoja wenu ana mtandao mzito. Mwambieni asogee karibu na ruta au azime simu zinazotazama video ndani ya nyumba. Kama bado makofi ni mawili, basi huyo ndiye awe mhesabu, kwa sababu mhesabu hahitaji kusikia haraka.

## Hatua ya 6: Ndani ya hazina

Saa inaanza. Hakuna ukomo wa begi hapa kama ulivyo kwenye kazi ya Cayo Perico, kinachowazuia ni muda tu. Kwa hiyo adui yenu ni mtu anayesimama akifikiria.

Kuna eneo la katikati lenye matoroli yaliyo wazi, na vyumba vya pembeni vyenye milango ya alama za vidole. Chora duara kwenye ile karatasi kabla ya kuanza, uligawe vipande vitatu. Umoja ana kushoto, Rongai ana kulia, Kasarani ana katikati. Kila mtu abandike kipande chake chini ya skrini. Usivuke mpaka kabla ya kumaliza chako, hata ukiona toroli imejaa kwa mwenzako. Watu wawili wakikimbilia toroli moja, mmoja wao amekimbia bure.

Kwenye milango ya alama za vidole, unapewa alama moja kubwa na vipande 8, unachagua 4 vinavyolingana. Siri ni kwamba alama zote kwenye gemu ni nne tu. Zinajirudia. Umoja na Rongai wazipige picha kwenye raundi ya kwanza ya mazoezi na wazitazame mpaka wazizoee kama sura za jirani. Asiyezijua anakaa mlangoni muda ambao mwenzake angekuwa ameshamaliza toroli.

Kasarani, aliye katikati bila milango, ndiye saa ya wote. Anasema mara tatu tu: "mbili" zikibaki dakika mbili, "moja" ikibaki moja, na "toka" zikibaki sekunde 20. Wengine wanajibu kwa neno moja, "nachukua" au "nimemaliza". Aliyemaliza anauliza, "Wapi?" na Kasarani anamwelekeza.

Raundi yetu ya kwanza iliyofaulu nilikuwa upande wa kulia. Niliposikia "toka" nilikuwa na toroli nusu, mikono inabonyeza yenyewe. Tamaa iliniambia sekunde tano zaidi. Mhesabu wetu akasema jina langu mara moja tu, kwa sauti ile ya mwalimu wa zamu, nikaacha. Tulipita mlango hewa ya sumu ikianza kunuka nyuma yetu. Toroli ile nusu isingelipia raundi nzima.

*Mtajua mmefaulu:* "toka" inaposemwa, angalau wawili wameshajibu "nimemaliza". Kama wote watatu bado wanachukua, mgao wenu wa duara ni mbaya au mtu anachelewa kwenye milango. Badilisheni vipande, msiongeze kasi ya vidole.

## Hatua ya 7: Kutoka

Mkishatoka na mabegi, msitegemee tena sare za Gruppe Sechs. Lengo ni kufika palipowekwa alama ya sare za NOOSE na kubadilisha bila kuonwa.

Hapa mhesabu anabadilika. Anayetangulia ndiye anayesema, wengine kimya. Anasimama kabla ya kila kona, anatazama ramani ndogo, anasema idadi na upande: "Wawili, kushoto, wamegeuka." Kama lazima wapigwe, bunduki zenye kiziba sauti, kichwani, na wote wawili kwa "sasa" ile ile ya kadi. Mlinzi wa pili akibaki amesimama sekunde moja, kazi ya usiku mzima inakuwa vita.

Vita vikija, mjue kwamba kila risasi inayokupata inadondosha pesa kutoka kwenye begi. Aliyebeba nyingi akae katikati, si mbele. Huwa najionea vijana wakishindana nani shujaa, na mwisho anayelia kwenye malipo ni yule yule shujaa.

Mkishavaa NOOSE, tembeeni. Usikimbie, usichomoe bunduki. Tokeni Staff Lobby, ingieni gari moja kama linatosha wote, na muende kwa mnunuzi. Chagueni mapema mnunuzi wa kiwango cha juu: yuko mbali zaidi lakini hakati kitu, wakati wa chini anakata asilimia 10. Mkiwa hamna polisi nyuma, umbali si shida.

## Hatua ya 8: Kabla hamjazima

Skrini ya malipo inaonyesha mlichobeba na mlichofikisha. Mtu mmoja aandike namba zote mbili kwenye ile karatasi. Tofauti ikiwa kubwa, shida ni kutoka. Ikiwa ndogo lakini mlichobeba kiko chini ya jumla ya hazina, shida ni duara.

Na msipange kuirudia kesho. Ubao haukubali mpango ule ule mara mbili mfululizo, kwa hiyo kazi ijayo itakuwa Silent & Sneaky au Aggressive, ndipo The Big Con ifunguke tena. Sisi tunatumia hiyo ya katikati kubadilisha vyeo. Wiki hii Rongai ndiye mhesabu, na tayari tumemwomba ahamishe kiti mbali na jenereta.